Mambo ya Nyumbani: Simsim, Bibi na Wiki Nane za Mlo Mmoja

Toleo hili safu yetu inamhusu paka anayejikuna. Wengi wetu hapa Dubai tunafuga paka fletini, na katika mazungumzo ya klabu nimesikia zaidi ya mara moja mtu akisema, "Paka wangu ana aleji ya samaki." Nikiuliza amejuaje, jibu huwa ni kwamba alibadilisha chakula na paka akapata nafuu. Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo, na nilikuwa nimekosea. Nitawaeleza jinsi tulivyogundua kosa, kwa sababu lilimgusa mtu ninayempenda.

Paka wetu anaitwa Simsim. Ni dume aliyehasiwa, ana miaka minne na uzito wa kilo 4.6, na hatoki nje. Mwaka juzi alianza kujikuna kichwani na shingoni hadi ngozi ikatoka damu. Kisha akawa anajilamba tumbo mpaka likabaki bila manyoya, kama limenyolewa. Tukimpapasa mgongoni tulihisi vipele vidogo vigumu kama chenga za mchele. Mara mbili kwa wiki alikuwa akitapika. Hali hiyo haikujali joto la Agosti wala baridi ya Januari.

Bibi yangu anaishi nasi. Yeye ni mtu wa Kibokoni, Mombasa, na kwake paka bila samaki si paka. Kila Ijumaa Mama akirudi kutoka soko la Waterfront pale Deira na nguru au changu, Bibi humwekea Simsim kichwa na mkia vilivyochemshwa. Ngozi ilipoharibika, sote tulimgeukia Bibi. Mama alimwambia kwa upole, mimi nikamwambia bila upole. Bibi akajibu, "Mjukuu wangu, paka wa Kibokoni hula vichwa vya samaki tangu wazaliwe. Mbona hao hawajikuni?" Kisha akanyamaza, na akaacha kumlisha paka. Wakati huohuo Mama alianza kumchemshia Simsim kifua cha kuku, akidhani ni chakula laini kwa mgonjwa. Lakini Simsim hakupona.

Mzio wa chakula, yaani aleji, si sumu na wala si chakula kuharibika. Ni kinga ya mwili kukosea, ikaichukulia protini ya kawaida kuwa ni adui. Watu wengi hudhani ni lazima iwe chakula kigeni alichoanza kula juzi. Ukweli ni kwamba mara nyingi ni chakula ambacho paka amekila kwa miezi au miaka bila shida, kwa kuwa kinga huhitaji kukutana na protini hiyo kwanza ndipo ianze kuikataa. Kwa hiyo kusema "hiki anakula siku zote" hakukiondolei chakula lawama.

Shutuma yetu dhidi ya samaki haikuwa ya kipuuzi. Mwaka 2016 Mueller, Olivry na Prélaud walikusanya taarifa za paka 78 ambao mzio wao ulithibitishwa. Nyama ya ng'ombe ilikuwa chanzo kwa asilimia 18 ya paka hao, samaki asilimia 17, na kuku asilimia 5. Hata hivyo takwimu za paka wengine hazikuambii paka wako ana nini. Zinakupa orodha ya washukiwa tu.

Tulimwuliza daktari wa wanyama kama kuna kipimo cha damu. Alisema vipimo vya damu, mate na manyoya vinauzwa, lakini kwa mzio wa chakula majibu yake hayaaminiki: paka mzima huonekana mgonjwa, na mgonjwa huonekana mzima. Njia inayotegemewa ni moja tu, nayo ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni kuondoa vyakula vyote alivyowahi kula na kumpa mlo mmoja ambao kinga yake haiufahamu. Nusu ya pili ni kurudisha chakula cha zamani na kuona kama ugonjwa unarudi. Wengi huishia nusu ya kwanza, na hapo ndipo mimi na wenzangu tulipokuwa tukikosea.

Kabla ya kuanza, daktari alitaka mambo mawili yaishe. La kwanza ni viroboto. Paka mwenye mzio wa mate ya kiroboto huwashwa vilevile na hupata vipele vilevile, na kwa sababu hujilamba sana, humeza viroboto wote hata usione hata mmoja. Kukaa ghorofa ya kumi na tano hakukulindi, kwani viroboto huingia na nguo na mikoba, na ndani ya nyumba yenye kiyoyozi huishi vizuri mwaka mzima. Simsim alipakwa dawa ya matone nyuma ya shingo kila mwezi, tangu kabla ya jaribio hadi mwisho wake. Tulichagua ya matone kwa makusudi, kwa maana vidonge vingi vya kutafuna hutiwa ladha ya nyama.

La pili ni dawa za kupunguza mwasho. Mwezi wa Novemba, Simsim alikuwa amechomwa sindano ya steroidi ya kudumu mwilini. Mwasho ulikatika kwa wiki kadhaa, kisha ukarudi. Kama tungeanza mlo mpya siku ileile ya sindano, tungeusifu mlo kwa kazi ya sindano. Kwa hiyo tulisubiri mpaka mwasho ukarudi kamili. Vidonda vya shingoni vilikuwa vimeingia bakteria, navyo vikatibiwa kwanza.

Halafu likaja suala la kuchagua mlo. Daktari alitupa karatasi tuandike kila kitu ambacho Simsim amewahi kula. Tulidhani tutaandika mistari mitatu, kumbe ilifika kumi na tisa. Tulisoma maandishi madogo nyuma ya kila mfuko na kila kopo, na hapo tukashtuka. Chakula chake kikavu, chenye picha kubwa ya samaki mbele, kilikuwa na unga wa kuku kabla hata ya samaki wenyewe. Kopo la "jodari" lilikuwa na kuku na maini ya ng'ombe. Hakukuwa na siku hata moja ambayo paka huyu alikula samaki peke yake, isipokuwa pale Bibi alipomlisha.

Kuna njia mbili za kupata mlo usiofahamika. Moja ni protini ambayo paka hajawahi kuila. Hapa Dubai niliona nimepata jibu, kwa sababu nyama ya ngamia inauzwa madukani na Simsim hajawahi kuionja. Daktari hakuikataa, ila alinionya kwamba nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, na paka huhitaji taurini, ambayo hupungua nyama ikichemshwa na maji yakamwagwa. Mlo wa kupikwa nyumbani lazima upangwe na mtaalamu wa lishe ya wanyama, hasa kwa paka mchanga anayekua. Njia ya pili ni chakula maalumu ambacho protini yake imevunjwavunjwa viwandani kuwa vipande vidogo mno, kiasi kwamba kinga ya mwili haivitambui. Sisi tulichagua hiki, kilichotengenezwa kwa soya, na hununuliwa kupitia kliniki.

Nilimwuliza kwa nini nisinunue tu mfuko wa dukani ulioandikwa "kwa ngozi nyeti" au "nyama ya aina moja". Akaeleza kwamba vyakula kama hivyo, vilipopimwa na watafiti, mara nyingi vilikutwa na protini ambazo hazikuandikwa kwenye mfuko, kwa sababu mashine moja hutengeneza vyakula vya aina nyingi. Kwa kulisha kila siku huenda visilete shida, lakini jaribio huharibiwa na kiasi kidogo tu.

Tulianza kwa kuchanganya. Siku mbili za mwanzo robo ya chakula ilikuwa kipya, kisha nusu, kisha robo tatu, na siku ya saba kikawa kipya chote. Paka si mbwa; ukimwambia "kula hiki au lala njaa", anaweza kweli kulala njaa. Paka asiyekula kwa siku mbili tatu, hasa aliye mnene, ini lake linaweza kujaa mafuta, na hilo huua. Sharti letu lilikuwa hili: ikipita siku nzima bila kula, tunapiga simu kliniki, hatungoji. Tulimpima uzito kila Jumapili kwa kumbeba juu ya mizani na kutoa uzito wangu.

Wiki huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ambayo hali kitu kingine chochote, na siku za kuchanganya hazihesabiwi. Kwa dalili za ngozi jaribio huchukua wiki nane, maana zaidi ya paka tisa katika kumi wenye mzio wa chakula huwa wamepata nafuu kufikia hapo. Ukiacha wiki ya nne kwa sababu huoni tofauti, unaweza kuwa umeacha jibu njiani. Kutapika na kuharisha hutulia mapema zaidi, mara nyingi ndani ya wiki mbili hadi nne.

Nilinunua daftari. Kila Jumapili baada ya kumpima nilimpa mwasho alama kuanzia 0 hadi 10, na nikapiga picha ya tumbo mahali palepale, dirishani. Daftari ni muhimu kwa sababu macho ya mtu anayempenda paka wake hudanganya: siku njema huona amepona, siku mbaya huona amezidi. Mwanzoni tuliandika 8. Wiki ya pili ilikuwa 6. Wiki ya tatu ikarudi 8.

Tulikaa mezani kutafuta kosa. Mama alisema kimya kimya, "Au ni Bibi?" Bibi akasikia. Akaapa kwamba hajampa hata mwiba, na mimi, naona haya kuandika, sikumwamini. Nilipekua kabati zote za jikoni. Kosa nililikuta kwenye droo yangu mwenyewe: mrija wa lahamu ya kumsaidia paka kutoa nywele tumboni. Nilikuwa nikimpa kidole kimoja kila jioni, nikiihesabu kuwa dawa, wala sikuiandika katika ile orodha. Nyuma yake kulikuwa na neno la ladha ya kuku.

Daktari hakushangaa. Alisema majaribio mengi hufia kwenye vitu ambavyo watu hawaviiti chakula: dawa ya meno ya paka, kidonge kilichofichwa ndani ya jibini, vidonge vya mafuta ya samaki na jalada lake la jelatini, bakuli la paka wa pili, sahani ya mtoto iliyoachwa sakafuni. Tulitupa mrija, tukaanza kuhesabu upya kutoka siku ya 1.

Ramadhani ilitukuta katikati. Mkeka wa futari ukitandikwa chini, na sambusa na kuku wa kukaanga vikiwa sawa na pua ya paka, hakuna nidhamu itakayotosha. Tukaweka kanuni kwamba kabla ya adhana ya magharibi Simsim hufungiwa chumbani kwangu na bakuli lake, na hatoki mpaka mkeka ukunjwe na sakafu ifutwe. Bibi ndiye aliyeshika ufunguo, na hakusahau hata jioni moja.

Alama zikaanza kushuka: 5 wiki ya nne, 3 wiki ya sita, 1 wiki ya nane. Tumbo lilikuwa limeota manyoya laini na kutapika kumekoma tangu wiki ya tatu. Nyumba nzima ilifurahi. Mama akasema, "Basi yameisha, tumwache hivihivi." Hapa ndipo watu wengi wanapoishia, wakaenda kuwaambia wenzao, "Paka wangu ana aleji ya samaki."

Fikiri kidogo. Katika wiki zile nane, mbali na chakula, dawa ya viroboto iliendelea, vidonda vilikuwa vimetibiwa, na hali ya hewa ilibadilika. Lolote kati ya hayo lingeweza kumponya. Njia pekee ya kujua ni chakula ni kurudisha chakula kilekile cha zamani, bila kubadilisha kitu kingine. Ugonjwa ukirudi, huwa kwa kawaida ndani ya siku chache na si zaidi ya wiki mbili. Usiporudi katika wiki mbili, basi chakula hakikuwa na hatia, na daktari ataanza kutafuta kwingine, kwa mfano vumbi la nyumbani au chavua. Na paka akipata nafuu nusu tu wakati wa jaribio, huenda ana mizio miwili pamoja, mmoja wa chakula na mmoja wa kitu kingine.

Baada ya Idi tulimrudishia chakula chake cha zamani. Siku ya tatu alama ilikuwa 4. Siku ya tano ilikuwa 7, na alikuwa ametapika. Tukaacha hapohapo, hakuna sababu ya kungoja damu wakati jibu umeshalipata. Alirudi kwenye mlo wa jaribio, na baada ya wiki mbili akatulia kwenye 1. Sasa tulijua ni chakula, lakini bado hatukujua ni kipi ndani yake.

Kutafuta mhusika ni kazi ya subira. Paka hubaki kwenye mlo wa jaribio, nawe unaongeza kitu kimoja tu, kila siku, kwa siku 14. Tuliongeza vijiko viwili vya chai, kimechemshwa kwa maji matupu, bila chumvi, na bila kitunguu wala kitunguu saumu, maana hivyo ni sumu kwa paka. Asipojikuna, kitu hicho kimesalimika. Akijikuna, unaacha mara moja, unasubiri atulie kabisa, ndipo unajaribu kinachofuata. Ukijaribu viwili kwa pamoja, umerudi gizani.

Tulianza na mshukiwa mkuu, samaki. Bibi mwenyewe alimchemsha changu na kumtoa miiba mmoja mmoja. Siku 14 zilipita, alama ikabaki 1. Nilirudia kuangalia daftari nikidhani nimeruka ukurasa. Tukajaribu nyama ya ng'ombe siku 14, alama 1. Tukajaribu kuku. Siku ya pili alikuwa 2, siku ya nne 5, na asubuhi iliyofuata tulimkuta anajilamba tumbo palepale pa zamani. Baada ya kumtuliza tulirudia kuku mara moja zaidi, ili tusimhukumu kwa bahati mbaya. Siku ya tatu mwasho ukarudi.

Kwa hiyo mhusika alikuwa kuku: yule wa kwenye mfuko wenye picha ya samaki, yule wa kwenye mrija wangu, na yule aliyechemshwa kwa huruma wakati mgonjwa anazidi. Samaki wa Bibi ndicho kitu pekee katika bakuli lile ambacho hakikuwa na kuku.

Nilikwenda chumbani kwake nikamwamkia. Akaitika, "Marahaba." Nikamwomba radhi kwa yale niliyosema na kwa kutomwamini mara ya pili. Aliniambia nikae, akauliza swali moja tu: "Sasa Ijumaa aweza kula?" Nikamweleza kwamba aweza, mradi awe wa kuchemsha, si ng'onda, kwa sababu ya chumvi, na mradi isiwe ndiyo chakula chake chote, kwani samaki peke yake hamtoshelezi paka.

Leo Simsim anakula chakula kamili ambacho hakina kuku wala mafuta ya kuku, na Bibi humpa kipande chake cha Ijumaa. Kila mfuko mpya tunausoma upya hata kama ni jina lilelile, kwa maana watengenezaji hubadilisha viungo bila kubadilisha picha. Daftari liko juu ya friji, na alama ya Jumapili iliyopita ilikuwa 0, kwa mwandiko wa Bibi.